Dagaa usiku na Sony A7 III: nipige ISO 3200, au 640 halafu nikang'arishe nyumbani?

MpigaPicha_Igombe
Habari za usiku wakuu. Napiga picha za mitumbwi ya dagaa kutoka ufukweni Igombe, zile siku za giza ambazo wavuvi wanaingia ziwani na taa zao. Kamera ni Sony A7 III kwenye stendi, lenzi f/1.8 imefunguliwa yote, shata sekunde 4. Nikizidisha hapo mitumbwi inayumba na taa zinachora minyoo.

Kwa ISO 3200 napata mawe na anga vizuri, ila taa na mwanga wake juu ya maji vinaungua, vinakuwa vyeupe tupu. Rafiki kaniambia nishushe hadi 640 halafu niongeze mwanga kwenye kompyuta, eti chenga hazitaongezeka. Nimezoea kusikia kwamba picha ya giza ukiing'arisha baadaye unaharibu. Nani mkweli?

Kirumba_Boy
Rafiki yako kakuonea aibu tu. Weka ISO 100. ISO ndogo ndiyo safi siku zote, piga RAW, nyumbani unapandisha unavyotaka.

mama_lenzi
Kirumba_Boy, nusu umepatia. Kwenye RAW ya sensa hii kweli unaweza kung'arisha baadaye, lakini si kuanzia popote.

Igombe, kwanza elewa chenga zako nyingi zinatoka wapi. Zinatoka kwenye uhaba wa mwanga wenyewe. Sekunde 4 kwa f/1.8 zimeshaamua mwanga kiasi gani umeingia, na ISO haiongezi hata tone. Inachobadilisha ni chenga za kamera yenyewe inaposoma sensa.

Sasa, sensa ya A7 III ina geini mbili. Chukua kikombe cha maji ukimwage kwenye beseni, kina hakionekani. Kimwage kwenye chupa nyembamba, maji yanapanda juu na unayapima bila kubahatisha. Kuanzia ISO 100 hadi 500 kamera inatumia beseni. Ikifika 640 inahamia kwenye chupa. Ndiyo maana kwenye vivuli 640 ni safi kuliko 500, ingawa namba ni kubwa. Chupa nayo inajaa mapema, kwa hiyo siyo ya bure.

Kutoka 640 kwenda 3200 hakuna chombo kipya. Kamera inakuza tu kilichokwisha kupimwa vizuri, na kazi hiyo kompyuta nayo inaiweza. 3200 ni mara 5 ya 640, kwa hiyo kwenye Lightroom vuta `Exposure` hadi +2.3, utapata mawe yaleyale na chenga karibu zilezile. Tofauti ni kwamba mwanga wa kwenye maji haujaungua.

BwanaVideo
Mkuu mbona rahisi, S-Log2 inaanzia 800. Weka 800 umemaliza.

mama_lenzi
Hiyo ni ya video kaka, yeye anapiga picha za mnato.

Zee_la_6D
Mimi nilifanya hivyo na Canon 6D yangu. Nilipiga 400, nikapandisha, vivuli vikatoka na mistari kama kitenge. Sirudii.

mama_lenzi
Shikamoo mzee. Kwa 6D hukukosea kuacha. Hiyo ina chenga nyingi za kusoma kwenye ISO ndogo, kwa hiyo usiku panda hadi 1600 au 3200 palepale kwenye kamera. Ushauri wa 640 usihamishiwe kamera nyingine. Kila mtu apime yake: chumba chenye giza, shata na tundu la lenzi visibadilike, piga 100, 500, 640 na 3200, kisha zilinganishe mwanga kwenye kompyuta na utazame pembe zenye kivuli.

Zee_la_6D
Marahaba. Nitajaribu hiyo ya chumbani.

MpigaPicha_Igombe
Nimerudi, jana nilipiga zote. Ile ya ISO 100 niliipandisha +5, slaida ikafika mwisho, na mawe yakatoka na chenga za rangi hasa. 500 ilikuwa chafu kidogo kuliko 640, nikacheka peke yangu. 640 na 3200 nimeshindwa kuzitofautisha kwenye anga. Taa zenyewe bado ni nyeupe katikati, ila njia za mwanga kwenye maji zimerudi na unjano wake, na ubavu wa mtumbwi unaonekana umepakwa rangi gani.

Shida mbili. Kwa 640 kioo cha kamera kinaonyesha picha nyeusi, karibu niifute nikidhani nimekosea. Na kwenye fremu moja taa ilikuwa inanitazama moja kwa moja, nikaona mistari myembamba imelala kwenye ukungu wa mwanga. Ndiyo ya kitenge ya mzee?

mama_lenzi
Giza la kioo ni la kawaida, pandisha ISO upange fremu na kufokasi, kisha irudishe 640. Mistari siyo ya mzee nadhani. A7 III hutoa mistari taa kali ikiakisiwa kwenye pikseli za kufokasi, na kung'arisha kunaifanya ionekane zaidi. Rudia fremu ileile kwa 3200. Ikiwepo na huko, ISO haihusiki.

MpigaPicha_Igombe
Wavuvi wamepumzika, mwezi umeshakuwa mkubwa. Nitairudia giza likirudi.