MREJESHO: Slipu ya benki na pesa iliyoingia havilingani

Niliuliza: "Slipu ya mauzo ya duka inasema 1,530,000, benki imeingiza 1,350,000. Laki na themanini imeenda wapi?"

Wakuu, asanteni sana. Nilianza kwa kutafuta makato kwenye taarifa ya akaunti, sikuyaona. Aliyesema nigawanye tofauti kwa 9 ndiye aliyenifungua macho: 180,000 inagawanyika bila baki, dalili ya tarakimu kupishana. Nikaisoma upya nakala ya slipu, mstari kwa mstari: noti za elfu kumi 120, elfu tano 60, elfu mbili 15. Jumla 1,530,000, na kiasi cha maneno ni hichohicho. Keshia aliingiza 35 badala ya 53. Meneja akalinganisha na slipu yao, hela ikarudi. Ila mzigo wa sukari nimeukosa, msambazaji hakusubiri.