Wiki 24 ni miezi 6 au 5? Tunahesabuje kwenye kadi ya kliniki

Mama Junia: Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume alizaliwa 14 Machi. Jana, 4 Septemba, tulikuwa kliniki, mizani ikasoma kilo 6.2. Mimi huwa nahesabu wiki, na sasa ana wiki 24. Nikagawa kwa 4 nikapata miezi 6, nikaangalia kwenye chati: yuko chini ya mstari wa -2. Nesi kaandika miezi 5, na nukta yake iko juu ya mstari. Usiku kucha sijalala. Nifuate ipi?

Baba Shani: Gawa kwa 4 tu dada. Mwezi una wiki nne, watoto wangu watatu nimewahesabu hivyo na hakuna shida iliyotokea.

Bi Nesi: Baba Shani, kwa kichanga wa mwezi mmoja hivi tofauti ni ndogo, lakini inazidi kukua. Wiki nne ni siku 28, mwezi una 30 au 31. Ukifika wiki 24 umeshamzeesha mtoto karibu nusu mwezi. Ndiyo maana chati za WHO hutumia wiki hadi ya 13 tu, maana huko mwanzo uzito unapanda haraka. Wiki 13 ni siku 91, karibu sawa na miezi 3, na hapo ndipo tunahamia kwenye miezi.

Mama Junia, kuanzia hapo fuata tarehe ya kuzaliwa. Machi 14 hadi Agosti 14 ni miezi 5 kamili. Wa sita unatimia Septemba 14, kwa hiyo nesi wako kaandika sawa. Kwa mvulana, mstari wa -2 uko kilo 6.0 kwenye miezi 5, na kilo 6.4 kwenye miezi 6.

Mwanaidi: Mbona chanjo wanaandika wiki 6, 10 na 14? Wangu alizaliwa na wiki 34 za mimba, sasa ana wiki 20, na kila nukta iko chini.

Bi Nesi: Chanjo hufuata siku aliyozaliwa, hata kwa njiti. Kwenye chati ya ukuaji ondoa wiki 6 alizowahi, msome kama wa wiki 14, yaani miezi 3. Mwambie nesi aandike pembeni ya kadi kwamba ni njiti, vinginevyo kila zamu itakushtua upya.

Baba Shani: Lakini huyo wa miezi 5 na siku 21 si yuko karibu zaidi na sita? Kwa nini asiwekwe katikati?

Bi Nesi: Tunaandika miezi iliyotimia. Wapo wanaoweka katikati, mimi sipendi. Mama Junia, Agosti alikuwa na kilo ngapi?

Mama Junia: Tarehe 4 Agosti, 6.1.

Bi Nesi: Gramu 100 tu kwa mwezi mzima. Hilo linanisumbua kuliko mstari. Mrudishe wiki hii waangalie anavyonyonya, usingoje tarehe ya kadi.

Mama Junia: Kesho asubuhi naenda.