Naomba ushauri: bei ya dagaa kwenye katalogi ya WhatsApp Business

Habari zenu wakuu. Nina duka dogo la dagaa na sangara wa kukausha hapa Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo. Wateja wengi ni wa mikoani, wananiagiza kwa simu.

Wasifu wa biashara umekamilika: anwani, saa za kazi na picha. Ninapokwama ni bei. Dagaa hupanda na kushuka kufuatana na mwezi, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa karabai hawapati kitu. Nikiandika bei kwenye katalogi, mteja wa Dodoma anaishikilia hiyo hiyo hata ikishapanda. Nafikiria niache sehemu ya bei wazi, niweke picha na ujazo tu, halafu bei ya leo niihifadhi kwenye jibu la haraka `/bei` ambalo nitakuwa nalihariri kila asubuhi. Je, bidhaa isiyo na bei haiwakimbizi wateja wapya?

La pili, ujumbe wa kutokuwepo nimeuweka `Outside of business hours`, lakini nikizima data usiku hauendi mpaka simu irudi mtandaoni. Wenye maduka mnaacha data usiku kucha, au mna njia nyingine?