MREJESHO: Ile nusu kwenye alama za kubahatisha

Niliuliza: "Jaribio lina maswali 20 ya Kweli/Si Kweli. Anayebahatisha tu ana uwezekano gani wa kupata 14 au zaidi, na mbona mkunjo wa kawaida unanipa jibu dogo?"

Wakuu, salaam toka Tabora. Nusu ya alama, yaani 0.5, ndiyo ilikosekana. Kwenye chati ya nguzo, alama 14 ni nguzo inayoanzia 13.5 hadi 14.5, ukianzia 14 umeikata katikati, na ndiyo nguzo ndefu kuliko zote kuanzia 14 kwenda juu.

Wastani ni 10, mkengeuko sanifu √5, yaani 2.236. Kuanzia 14, z = 1.79, jedwali linatoa 0.037. Kuanzia 13.5, z = 1.57, linatoa 0.058. Hesabu kamili ya binomia (nilijumlisha kwa mkono, vidole viliuma!) ni 60,460/1,048,576 = 0.0577.

Swali likisema "zaidi ya 14", hapo anzia 14.5.