Nimwandikieje mratibu wa kozi kuomba mchanganuo wa alama? Nina rasimu tatu

Zuhura_M
Wadau, matokeo yametoka na somo la takwimu nimepata 48. Ndilo somo nililokuwa na uhakika nalo kuliko mengine yote, nilitegemea 60 na kitu. Kazi za muhula zina 40, mtihani una 60. Jaribio la kwanza nilipata 14 kati ya 20, la pili 15 kati ya 20, na karatasi zote mbili ninazo. Kwenye mfumo inaonekana 48 tu, hakuna mchanganuo wowote.

Nataka kumwandikia mratibu bila kuonekana nimekuja na ugomvi. Nimejaribu hivi:

A: "Naomba karatasi yangu isahihishwe upya kwa sababu alama hizi si zangu."
B: "Je, kwa nini nimepata 48 wakati nilijibu maswali yote manne?"
C: "Je, ninaweza kupata mchanganuo wa alama zangu, yaani kila jaribio na kila swali la mtihani?"

Ipi inafaa? Au niende tu ofisini kwake?

Bakari wa Nyuma
Nenda ofisini. Baruapepe anaweza kuiacha wiki nzima, lakini mtu akisimama mlangoni lazima amsikilize. Mimi nilienda, akafungua kompyuta palepale, nikaona jaribio langu moja halikuingizwa kabisa. Limeisha hapo hapo. Na wewe angalia, lazima ni jaribio la pili limerukwa.

KalamuNyekundu
Nimesahihisha na kuratibu masomo kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema jinsi barua hizi zinavyosomeka upande wa pili wa meza.

A usiitume. Kusahihishwa upya ni utaratibu rasmi, una fomu yake, mara nyingi una ada, na mratibu hana mamlaka ya kuuanzisha kwa sababu ya baruapepe. Atakujibu "fuata taratibu" na hutakuwa umejua chochote kipya. B ni swali, lakini linamtaka ajitetee. Jibu lake rahisi ni "hayo ndiyo uliyostahili", na mazungumzo yamefungwa. C inaomba kitu ambacho kipo tayari kwenye jedwali lake. Hahitaji kukubali kwamba kuna kosa ili akujibu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Ila kabla ya kuituma, piga hesabu. 14 na 15 ni 29. Ukitoa 29 kwenye 48, mtihani umebaki na 19 kati ya 60, sawa na kama 32 kwa 100. Sasa tuseme Bakari yuko sahihi na jaribio la pili halikuingia. Hapo mtihani ungekuwa 34 kati ya 60, kama 57 kwa 100. Ni picha mbili tofauti kabisa, na zote zinatoa 48 ile ile. Ndiyo maana usimwambie mratibu kosa liko wapi. Ukiandika "jaribio la pili limerukwa" ataangalia hilo moja tu, akilikuta lipo atajibu "lipo" na kukuaga.

Mama Pacha
Mimi ningekata rufaa moja kwa moja, mambo ya kuuliza ni kupoteza muda. Rufaa haina hasara, alama haziwezi kushuka, zinabaki au zinapanda.

KalamuNyekundu
Mama Pacha, hilo linategemea kanuni za chuo. Kuna vyuo ambavyo alama ya usahihishaji mpya ndiyo ya mwisho, hata ikiwa chini. Soma kifungu kabla ya kulipa. Tena kuna tofauti kati ya kuhakiki majumlisho, ambapo mtu anahesabu tu kama kila swali limepewa alama na zimejumlishwa sawasawa, na kusomwa upya kwa majibu yenyewe. Mshtuko kama huu mara nyingi unahitaji la kwanza, na ni jepesi zaidi.

Kwenye muda Mama Pacha ana hoja. Siku za rufaa huhesabiwa tangu matokeo kutangazwa, na kumwandikia mratibu hakusimamishi hesabu hiyo. Kwa hiyo uliza leo, huku ukijua tarehe ya mwisho.

Jabali99
Kwani 48 si umefaulu? Wengine tuna 31 na hatulalamiki 😅 Mimi wangu alisema wazi kwamba alama za darasa zima zilirekebishwa.

Zuhura_M
Jabali, kwetu kufaulu ni 50, kwa hiyo 48 ni mtihani wa marudio. KalamuNyekundu, hesabu hiyo imenikalia kichwani. Nimeirekebisha C hivi:

"Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa somo la takwimu, namba ya usajili nimeiandika hapo juu. Matokeo yangu ya jumla ni 48. Je, ninaweza kupata mchanganuo wake: alama ya jaribio la kwanza, ya jaribio la pili, na ya kila swali la mtihani, pamoja na marekebisho yoyote yaliyofanywa kwa darasa zima? Nakala za majaribio yangu nimeziambatanisha. Mwisho wa kuwasilisha rufaa ni Ijumaa, nitashukuru nikipata jibu kabla ya hapo."

Bakari wa Nyuma
Ungemweka mkuu wa idara kwenye nakala. Atajibu haraka.

KalamuNyekundu
Barua ya kwanza, hapana. Ukianza na mkuu wa idara, mratibu ataandika kwa tahadhari, sentensi mbili za kanuni. Mwache ajibu kama mtu anayefungua jedwali lake. Tarehe ya Ijumaa inatosha kumsukuma.

Mama Pacha
Hapo sikubaliani nawe. Asiyejibu hajibu, na Ijumaa ikipita imepita.

Zuhura_M
Amejibu, tena vizuri. Majaribio yote yapo, 14 na 15. Hakuna marekebisho ya darasa. Mtihani kwa 100: swali la kwanza 12, la pili 11, la tatu 9, la nne amenakili kistari tu. Jumla 32. Swali la nne nililifanya kwenye kijitabu cha nyongeza, nakumbuka msimamizi alikifunga kwa uzi nyuma ya kile cha kwanza.

KalamuNyekundu
Kistari si sifuri. Aliyesoma jibu akaliona bovu huandika 0. Kistari huwekwa pale msahihishaji asipoona jibu, na kijitabu cha pili kikichomoka hicho ndicho kinachotokea. Mjibu leo kwa swali moja: "Je, kijitabu changu cha nyongeza, chenye swali la nne, kipo pamoja na cha kwanza?" Wakati huohuo wasilisha fomu ya kuhakiki majumlisho, usingoje jibu.

Lakini usiihesabu 60 bado. Swali la nne lina 25. Ukipata 10 kama kwenye mengine, mtihani unakuwa 42 kwa 100, yaani 25 kati ya 60, na jumla yako 54. Kufikia 60 unahitaji 20 kati ya 25. Na hizo 12, 11 na 9 omba kuziona kwenye karatasi kama chuo kinaruhusu, maana hazifanani na mtu aliyekuwa na uhakika.

Zuhura_M
Fomu nimeichukua. Ina kisanduku cha "sababu". Niandike kistari au niandike kijitabu?

Bakari wa Nyuma
Andika vyote viwili. Na bado nasema nenda ofisini.