Naombeni mnisomee lebo ya dawa ya mbu, imeandikwa Kijerumani (picha ipo)

Mama Karimu, Nkuhungu Dodoma:
Habarini wapendwa, mdogo wangu wa Ujerumani katuma mzigo na ndani kuna chupa ya dawa ya mbu ya kupuliza, maandishi yote Kijerumani na yeye yuko shifti simu hapokei. Picha ya nyuma ya chupa hiyo hapo. Nina mtoto wa miezi 5 na mwingine wa miaka 3, mvua ndo zimeanza na madimbwi yamejaa nyuma ya nyumba, bibi yao anataka nimpulizie mdogo miguuni jioni hii. Nisomeeni kwanza jamani.

Juma, Bremeni:
Dada hizo sisi huku tunapaka kiangazi tukienda ziwani, hazina shida. Mkubwa mpulizie tu ila usiguse macho wala viganja maana watoto wanalamba vidole, mdogo mwache kwanza, nyingi wanaandika kuanzia miaka 2.

Zuhura, Laipzigi:
Mama Karimu usimpulizie mtoto yeyote. Kaka Juma, la viganja uko sawa kabisa kwa dawa za kupaka, ila hii siyo ya kupaka. Mstari wa pili unasema ni ya nguo na vitambaa tu, isiguse ngozi, na dawa yenyewe ni pemethrini. Za kupaka huku mara nyingi ni ikaridini au diti. Nimefanya famasi miaka mingi na hizi chupa watu wanazichanganya kila msimu, zinafanana na zinakaa shelfu moja.

Maelezo yake kwa kifupi: pulizia nje penye hewa, vaa glavu, nguo iwe imetundikwa na siyo mwilini, ilowe kidogo pande zote mbili, halafu iache mpaka ikauke kabisa ndo ivaliwe. Watoto wasiwepo karibu hadi hapo. Ikigusa ngozi osha kwa maji na sabuni, ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi, mtoto akiinywa usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi. Ile alama ya samaki mfu na mti mkavu pembeni maana yake maji yenye hii dawa yanaua samaki, usimwage mtoni wala bwawani.

Kuna mstari mmoja wa watoto umefunikwa na flashi, naona namba 2 tu, neno linalofuata limemezwa na mwanga. Zima flashi, sogea dirishani upige tena. Likianza na J ni miaka, likianza na M ni miezi.

Mzee wa Kongwa:
Na mimi neti yangu ya kliniki mbu wanatua juu yake kama kwenye mti! Mama watoto anaifua kila Jumamosi na jiki sababu ya vumbi letu hili, anaianika kwenye uzio juani. Hii chupa naipataje?

Zuhura:
Shikamoo mzee. Hapo ni ufuaji, wala huhitaji chupa. Neti ya kliniki imetoka kiwandani na dawa, imepimwa kustahimili kufuliwa kama mara 20 hivi, kwa hiyo ukifua kila wiki hata miezi 5 haimalizi. Jiki na jua kali vinaharibu dawa haraka zaidi. Fua kila baada ya miezi 3, maji baridi na sabuni ya kipande, usiisugue sana, anika kivulini, na maji yake mwaga shimoni mbali na kisima. Vumbi la katikati ikung'ute tu nje.

Mzee wa Kongwa:
Marahaba. Miezi 3 kwa vumbi la Kongwa? Njoo uione mwanangu, inakuwa rangi ya udongo.

Mama Karimu:
Picha mpya hiyo, ni J. Sasa niipulizie neti ya mtoto? Nayo ni ya kliniki. Halafu tuna paka analala chini ya kitanda.

Zuhura:
J, basi mstari wote unasema nguo za watoto chini ya miaka 2 zisipuliziwe. Neti ya kliniki usiiongezee kitu, dawa tayari inayo, na huyo wa miezi 5 ananyonya kila kinachomfikia mdomoni. Ichomeke vizuri chini ya godoro, isimguse usoni. Kama ni mpya itundike kwanza kivulini siku nzima. Chupa tumia kwenye mapazia, au soksi na suruali za jioni za baba yao, na paka afungiwe mbali mpaka vikauke, pemethrini mbichi inaweza kumuua.

Juma:
Na nguo za yule wa miaka 3 je?

Zuhura:
Lebo haimkatazi. Binafsi ningemvalisha tu mikono mirefu bila dawa, ila mama yake ndo anajua.