Re: Re: Apu yetu imenikosesha miadi ya kibali

Mama Zu aliandika:
Jamani ndugu zangu nimechoka. Miadi yangu ya kuhuisha kibali ilikuwa tarehe 4 Machi, mi simu yangu iko Kiingereza, apu ya jumuiya ikaniandikia 3/4, nikajua ni tarehe 3 mwezi wa nne, nikakaa zangu kwa raha. Siku moja kabla ikaja taarifa imeandikwa "%d day left", nani ataelewa hiyo?? Sa hivi ofisi wanasema faili langu limefungwa. Kuna mtu amewahi kuomba miadi upya bila kulipa ada mara ya pili? Tafadhali.

Babu Seif:
Pole sana mwanangu. Mimi mwaka jana walipoteza fomu yangu mara 2, mara ya tatu wakaniambia picha ina kivuli. Nilikaa kwenye lile benchi nikikumbuka nyumbani, huko ukigombana na karani angalau mnagombana kwa Kiswahili. Simu ya kijana wangu iko Kiswahili na apu ilionyesha 04/03/ halafu mwaka, sawa kabisa. Weka Kiswahili tu mwanangu.

Bakari:
Mi ndo nilitafsiri stringi za Kiswahili kwa hiyo nijitetee. Faili langu la values-sw halina kosa. Kwenye plurals, sehemu ya umoja na wingi, nilifuta ile ya "one" makusudi kwa sababu siku moja ni siku, siku kumi ni siku, Kiswahili hakibadiliki hapo, nikaacha "other" peke yake: Zimebaki siku %d. Tarehe sio kazi ya mtafsiri, muulizeni aliyeandika msimbo.

Fundi Rashidi:
Niliyeandika msimbo ni mimi na makosa 2 ni yangu, nayakubali. La tarehe: sikuandika fomati kwa mkono, niliiachia lokali ya simu, yaani lugha na nchi iliyowekwa, nikaomba tarehe fupi. Lakini Kiingereza bila nchi kinachukua mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza, ndo maana 3/4. Angekuwa na Kiingereza cha Uingereza angeona siku kwanza. Babu, kwa hiyo kubadili lugha kunaficha tatizo tu, kesho mwingine atanaswa. Nimebadilisha kuwa FormatStyle.LONG, mwezi unaandikwa kwa jina, "4 Machi" au "March 4", hapo hata ukigeuza mpangilio huwezi kupotea.

La %d: nilipitisha namba mara moja tu badala ya mara mbili. Ya kwanza inachagua umoja au wingi, ya pili ndo inajaza nafasi, ukiisahau programu haianguki wala hailalamiki, inakuonyesha %d vilevile ilivyo.

```
getQuantityString(R.plurals.siku_zilizobaki, n, n)
```

Ila Bakari hapa sikuachii. Neno siku halibadiliki, sawa, lakini kitenzi je? Utasema "zimebaki siku moja"? Kanuni za wingi za Kiswahili kwenye Android ni one na other, sawa na Kiingereza, tuzijaze zote:

```
<plurals name="siku_zilizobaki">
  <item quantity="one">Imebaki siku %d</item>
  <item quantity="other">Zimebaki siku %d</item>
</plurals>
```

Na kama usingeifuta, mwenye simu ya Kiswahili hata na kosa langu la %d angeona "Imebaki" akashtuka kuwa ni kesho.

Bakari:
Sawa hiyo nakubali, ila usinifundishe Kiswahili Rashidi. Basi tufanye stringi moja ya jumla, "Zimebaki %2$s %1$d", tuingize neno lolote, siku, fomu, wanachama. Na sifuri tuweke quantity="zero", "Miadi ni leo".

Fundi Rashidi:
Utapata "Zimebaki wanachama 3". Wanachama wamebaki, fomu zimebaki, majina yamebaki, kila ngeli na kitenzi chake, kwa hiyo kila neno na plurals zake, hakuna njia ya mkato. Na zero ukiiweka haitasomwa kamwe, kwa Kiswahili sifuri inaangukia other. Hiyo ni if kwenye msimbo.

Dada Neema:
Mnaongelea tarehe, mbona saa hamsemi? Mimi apu iliniandikia "Saa 9:30", nikaenda saa tisa na nusu alasiri, kumbe ni saa tatu na nusu asubuhi. Mlinzi akanicheka.

Fundi Rashidi:
Hiyo ngumu dada. Simu haipunguzi masaa 6, inaandika 09:30 na mtafsiri aliongeza neno "Saa" mbele, hapo ndo mtego. Nitaliondoa hilo neno. Lakini nikiandika 3:30 asubuhi, barua ya ofisi itasema 9:30 na mtaniambia apu inadanganya.

Bakari:
Mi nasema saa ya Kiswahili iandikwe. Apu ni ya Kiswahili.

Babu Seif:
Ziandikwe zote mbili.

Mama Zu:
Na ile ada jamani?